Mhasibu Yupo Kazini au Hayupo?

Isome sentensi hii taratibu: "Mhasibu hakuondolewa kazini kwa sababu alikataa kutia saini hati ya malipo." Kisha jibu swali moja dogo: mhasibu yupo kazini au hayupo?

Wapo watakaosema yupo. Alikataa kutia saini, msimamo wake ukamwokoa, akabaki kwenye kiti chake. Wengine watasema hayupo. Ameondolewa, ila kosa lake ni jingine kabisa. Mwandishi anachokanusha ni ile sababu, si kule kuondolewa. Wote wanasoma maneno yaleyale, na sarufi inawakubalia wote. Katika mazungumzo sauti ingetuamulia, maana msemaji angekaza neno "hakuondolewa" au angekaza "kwa sababu". Kwenye karatasi sauti haipo.

Sentensi kama hiyo ikiwa kwenye barua ya rafiki, utapiga simu kuuliza. Ikiwa kwenye hukumu, kuna mtu anadai mshahara wake. Hilo si jambo la kubuni tu siku hizi, kwani mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Viunganishi tulivyovizoea kwenye insha za shule sasa vinabeba haki za watu, na ndipo inapoonekana kwamba wengi wetu tunavitumia kama mapambo ya kuanzia aya.

Tuanze na huyo mhasibu. Tatizo lake ni kwamba "kwa sababu" hukubali kumezwa na ukanushi uliotangulia. Neno "hakuondolewa" linaweza kukanusha kitendo peke yake, au likafika mbele likakanusha na sababu. Njia za kumwokoa msomaji zipo na hazigharimu kitu. Ukitaka kusema yupo kazini, itangulize sababu: "Kwa kuwa mhasibu alikataa kutia saini, hakuondolewa kazini." Au tumia "kwani" baada ya mkato: "Mhasibu hakuondolewa kazini, kwani alikataa kutia saini." "Kwani" haimezwi na ukanushi, inasimama nje yake na kueleza kauli nzima iliyopita. Ukitaka kusema hayupo, sema wazi kwamba aliondolewa, kisha kanusha sababu yenyewe: "Mhasibu aliondolewa kazini, si kwa sababu alikataa kutia saini, bali kwa sababu mkataba wake uliisha."

Hapo utaona kwamba "kwani" na "kwa sababu" si ndugu mapacha, ingawa vitabu vingi vya shule huviweka kwenye mstari mmoja. Mtu akikuuliza "Kwa nini umechelewa?" utajibu "Kwa sababu gari liliharibika." Hutajibu "Kwani gari liliharibika", maana hilo litasikika kama swali, tena la mshangao. Ndiyo maana "kwani" ya sababu haifai kufungua sentensi katika maandishi rasmi. Mahali pake ni katikati, baada ya kauli inayoelezwa.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni ya chanzo na ushahidi. "Ardhi imelowa kwa sababu mvua imenyesha" ni chanzo: mvua ndiyo iliyolowesha. "Mvua imenyesha usiku, maana ardhi imelowa" ni ushahidi: ardhi haikuleta mvua, bali mimi nimeijua mvua kwa kuitazama ardhi. "Maana" na "kwani" huchukua kazi hii ya pili bila shida. "Kwa sababu" ikiwekwa hapo, msomaji makini anasita.

Kwenye mvua hakuna atakayedanganyika, kwa kuwa sote tunajua mambo ya mvua. Lakini chukua sentensi ya aina tunayoiona kila wiki kwenye makala za maoni: "Umaskini umeongezeka kwa sababu watoto wengi wameacha shule." Mwandishi anadai nini? Huenda anasema kuacha shule kumeleta umaskini. Huenda anasema umaskini upo, na dalili aliyoiona ni madawati matupu. Madai hayo mawili yanadai tiba tofauti: la kwanza linataka watoto warudishwe darasani, la pili linataka wazazi wapate kipato kwanza. Mara nyingi ukimuuliza mwandishi utagundua hata yeye hakuchagua. Kiunganishi kilimchagulia. Alipaswa kuandika ama "Kuacha shule kumeongeza umaskini," ama "Umaskini umeongezeka, ushahidi mmoja ni idadi ya watoto walioacha shule." Sentensi ya pili ni ndefu kidogo, ila inaweza kutetewa mbele ya watu.

"Kwa kuwa", "kwa vile" na "maadamu" zina tabia yao nyingine. Zikiwekwa mwanzoni, huileta sababu kama jambo ambalo msomaji tayari analijua na amelikubali. "Kwa kuwa leo ni Ijumaa, ofisi zitafungwa mapema." Hakuna anayebishia Ijumaa. Sasa angalia: "Kwa kuwa wananchi wote wameridhia, soko litahamishwa." Nani kasema wote wameridhia? Walihesabiwa lini? Dai linalopaswa kuthibitishwa limeingizwa ndani likiwa limevaa nguo za jambo lisilo na ubishi. Huu ni upotoshaji zaidi kuliko kosa la sarufi, na wanaoandika matangazo ya ofisi wanaujua vizuri. Ukikutana na "kwa kuwa" mwanzoni mwa sentensi yenye madaraka ndani yake, simama uulize kama hilo lililofuata limethibitishwa popote.

Kuna na kosa dogo la sababu ambalo halina hila yoyote, ni uvivu tu: "Sababu ya ajali ni kwa sababu dereva alisinzia." Sababu imetajwa mara mbili na ajali bado ni moja. Inatosha kuandika "Sababu ya ajali ni kuwa dereva alisinzia," au "Ajali ilitokea kwa sababu dereva alisinzia." Vivyo hivyo "Kwa kuwa fedha hazikufika, hivyo kazi ilisimama." Ukishaanza na "kwa kuwa", "hivyo" haina la kufanya.

Tuje kwenye kukubali ili kupinga, yaani "ingawa" na jamaa zake. Mtu anapojenga hoja hukiri jambo moja linalomwelemea, kisha akaonyesha kwamba halibadilishi msimamo wake. Kiswahili kina njia nyingi za kufanya hivyo, na za zamani zimo ndani ya kitenzi chenyewe. "Ingawa" ina kiungo "-nga-", na kiungo hicho kiliwahi kufuatana na mtenda: "angawa mgonjwa", "wangawa wachache". "Ijapokuwa" nayo ina "-japo-", ambayo bado inasikika katika "ujapokataa", yaani hata ukikataa. Waandishi wa leo wameyagandisha maneno haya na kuyafanya viunganishi visivyobadilika. Sawa, lugha huenda hivyo. Lakini anayeweza kuandika "hata akikataa, kazi itaendelea" badala ya "licha ya ukweli kwamba anaweza kukataa" ana faida juu ya mwenzake.

Kosa la hatari katika kundi hili ni kuchanganya "ingawa" na "hata kama". "Ingawa" hukiri kwamba jambo ni kweli. "Hata kama" haikiri. Husema tu kwamba liwe kweli lisiwe kweli, msimamo ni uleule. Hakimu akiandika "Ingawa mshtakiwa alikuwepo eneo la tukio, hakuna ushahidi kwamba alichukua mali," amekwishakubali kwamba mshtakiwa alikuwepo. Akiandika "Hata kama mshtakiwa alikuwepo," hajakubali. Wakili wa rufaa atashika neno hilo moja. Katika magazeti, "hata kama" hutumika ovyo mahali pa "ingawa": "Hata kama timu ilishinda mabao 3, kocha hakufurahi." Timu ilishinda au haikushinda? Sote tuliona mechi. Andika "ingawa".

Sasa "ingawa … lakini". Walimu wengi huikata kwa kalamu nyekundu: "Ingawa mvua ilinyesha lakini mazao yalikauka." Wanasema kiunganishi kimoja kinatosha, na katika sentensi fupi wana haki. Mimi sioni kuwa ni dhambi kubwa. Wasemaji wazuri wa Kiswahili husema hivyo kila siku, na sehemu ya kwanza ikiwa ndefu, yenye maelezo ndani ya maelezo, "lakini" humkumbusha msikilizaji kwamba sasa tumefika kwenye hoja yenyewe. Katika maandishi rasmi dawa ya sentensi ndefu namna hiyo ni kuifupisha, si kuifunga kamba mbili. Kosa ambalo kweli halivumiliki ni hili: "Ingawa pampu ilinunuliwa mwezi Machi. Haijafungwa mpaka leo." Nukta imemkata "ingawa" na kumwacha ananing'inia. Sehemu yenye "ingawa" haiwezi kusimama peke yake. Inadai mwenzake ndani ya sentensi hiyohiyo.

Halafu kuna "licha ya" na "pamoja na", ambazo zinahitaji muda zaidi kwa sababu makosa yake hayaonekani kwa macho. Kwanza umbo: zote mbili hufuatwa na nomino au kitenzi-jina, si sentensi kamili. "Licha ya pampu ilinunuliwa" si Kiswahili. Ni "licha ya pampu kununuliwa" au "ingawa pampu ilinunuliwa".

Kisha maana. Ukiisoma "licha" kwa maana yake ya zamani, ni karibu na "sembuse" au "mbali na": licha ya wewe, hata baba yako hawezi. Yaani wewe huwezi, na baba yako pia hawezi. Hapo hakuna upinzani, kuna nyongeza. Maana hiyo haijafa. Katika insha za sekondari nchini Kenya, "licha ya hayo" huwekwa pamoja na "isitoshe", "aidha" na "fauka ya hayo", na mwanafunzi anayejiandaa kwa karatasi ya insha huitumia kuongeza hoja nyingine upande uleule. Chukua aya hiyo umpe msomaji wa gazeti la Dar es Salaam. Kwake "licha ya hayo" mara nyingi ni sawa na "hata hivyo", kwa hiyo anategemea hoja igeuke, akifika mwisho wa sentensi anakuta haijageuka. Anarudi kusoma upya, akidhani kuna neno limeruka. Hakuna aliyekosea kwa desturi ya kwake. Anayewaandikia wasomaji wa pande zote mbili afadhali aandike "zaidi ya hayo" anapoongeza na "hata hivyo" anapogeuza.

"Pamoja na" ina mtego uleule, na mbaya zaidi. "Pamoja na juhudi za halmashauri, hali ya maji imekuwa mbaya." Mwandishi alitaka kusema kwamba juhudi zilikuwepo lakini hazikufua dafu. Msomaji mkorofi anaweza kusoma kwamba juhudi za halmashauri, zikiungana na mambo mengine, ndizo zilizoharibu hali ya maji. Ukitaka upinzani uwe upinzani, andika "ijapokuwa halmashauri imejitahidi", na uiachie "pamoja na" kazi yake ya kuunganisha.

Tukitoka kwenye kukiri tunaingia kwenye kulinganisha na kukosoa, na hapa anayeonewa zaidi ni "bali". Mtu anaona "lakini" imekuwa ya kawaida mno, anataka neno lenye uzito, anaandika: "Serikali imejenga zahanati bali wauguzi hawatoshi." "Bali" haifanyi kazi hiyo. Katika nathari ya leo inahitaji ukanushi mbele yake, kwa kuwa kazi yake ni kuondoa kitu na kuweka kingine mahali pake: "Hakununua gari bali baiskeli." Gari limefutwa, baiskeli imekaa. "Lakini" haifuti. "Hana gari lakini ana baiskeli" inaacha mambo yote mawili yasimame, moja likipunguza uzito wa jingine. Katika tafsiri za Kurani kwa Kiswahili utaikuta "bali" ikifungua sentensi, na ukitazama juu kidogo mara nyingi utaliona dai linalojibiwa. Katika zahanati na wauguzi hakuna kilichofutwa, kwa hiyo ni "lakini", na hakuna aibu yoyote kuitumia.

"Lakini" yenyewe ina jambo moja linalostahili kujulikana: kinachokuja baada yake ndicho kinachoshinda. "Mwombaji ana bidii lakini hana uzoefu" ni barua ya kumnyima kazi. "Mwombaji hana uzoefu lakini ana bidii" ni ya kumpa. Taarifa ni zilezile, hukumu zimepishana. "Ingawa" haitegemei nafasi namna hiyo. Popote uiwekapo, sehemu iliyo nayo ndiyo iliyokubali kushindwa. Anayeandika taarifa ya usaili bila kulijua hili anaweza kumnyima mtu kazi bila kukusudia. (Nduguye "walakini" amefika mbali zaidi, akawa nomino kamili: jambo lenye walakini ni jambo lenye kasoro.)

Tuchukue sasa aya nzima, ya aina ambayo kamati ya maji ya kijiji chochote ingeweza kuiandika kwa mkuu wa wilaya. Nimeitunga, ila makosa yake yote ni ya kila siku:

"Pamoja na halmashauri kutenga fedha za kisima, wananchi wanakunywa maji ya bwawani. Hata kama pampu ilinunuliwa, haijafungwa. Hata hivyo, fundi amekwisha kulipwa. Kamati haiombi fedha za nyongeza lakini ukaguzi. Hivyo, wananchi wamechoka."

Sentensi ya kwanza inaweza kusomwa kana kwamba halmashauri ni sehemu ya tatizo la bwawa. Huenda ni kweli, lakini kamati haikukusudia kusema hivyo leo. Ya pili inatia shaka kama pampu ilinunuliwa, na mkuu wa wilaya akitaka kukwepa atauliza palepale: ilinunuliwa au haikununuliwa? Ya tatu ina "hata hivyo" isiyogeuza chochote. "Hata hivyo" hudai kwamba kilichotangulia kimetupeleka upande mmoja na sasa tunarudi upande mwingine. Pampu kutofungwa na fundi kulipwa ni lawama mbili za upande mmoja. Wanahabari nao wana mazoea haya: kila wanapobadilisha msemaji wanaanza aya kwa "Hata hivyo", hata kama wasemaji wote wawili wanakubaliana. Kinachotakiwa hapa ni "ilhali", neno la kuweka mambo mawili yasiyopatana bega kwa bega, tena lenye uchungu wa malalamiko ndani yake.

Sentensi ya nne inataka "bali", kwa kuwa fedha zinafutwa na ukaguzi unawekwa. Ya mwisho ina "hivyo" isiyo na mantiki: ombi la ukaguzi haliwezi kuwa chanzo cha uchovu. Uchovu ndio uliozaa ombi. Mwandishi ameigeuza sababu kuwa matokeo, na barua imeisha kwa malalamiko badala ya kuisha kwa ombi. Tuiandike upya:

"Ijapokuwa halmashauri ilitenga fedha za kisima, wananchi bado wanakunywa maji ya bwawani. Pampu ilinunuliwa lakini haijafungwa, ilhali fundi amekwisha kulipwa. Wananchi wamechoka kusubiri. Kwa hiyo kamati haiombi fedha za nyongeza, bali ukaguzi wa fedha zilizokwisha kutumika."

Hakuna taarifa mpya iliyoongezwa isipokuwa maneno machache ya kukamilisha ombi. Kilichobadilika ni kwamba mkuu wa wilaya hana pa kutorokea: amekubaliwa kwamba fedha zilitengwa, ameambiwa pampu ipo, ameonyeshwa fundi na malipo yake, na ameombwa jambo moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Angalia pia kwamba "Wananchi wamechoka kusubiri" imesimama bila kiunganishi chochote. Sentensi ikifuata nyingine kwa mpangilio unaoeleweka, msomaji huunganisha mwenyewe. Aya ambayo kila sentensi imeanza na "aidha", "hivyo" au "hata hivyo" mara nyingi ni aya ambayo mpangilio wake haujakaa sawa.

Ukimaliza kuandika barua, taarifa au insha yako, rudi na kalamu upige mstari chini ya kila kiunganishi. Penye "kwa sababu", uliza kama ni chanzo au ushahidi, na kama kuna ukanushi nyuma yake. Penye "bali", tafuta kilichofutwa. Penye "hata hivyo", tafuta hoja iliyogeuka. Usipokipata unachotafuta, kifute kiunganishi hicho, usome tena, kisha uamue ulikuwa unataka kusema nini.